Nukta baada ya "Sawa": hasira, ubaridi au mwisho wa maneno?

Kati ya "Sawa" na "Sawa." kuna tofauti ya alama moja, na alama hiyo inagombanisha watu. Ukikaa na vijana wa Kisumu utasikia kwamba mzazi akijibu "Sawa." basi amenuna. Wazazi wao nao hawaelewi kosa liko wapi, kwa sababu walivyofundishwa shuleni, sentensi isiyo na nukta ndiyo yenye kosa. Wapenzi huonyeshana simu wakiulizana maana ya kitone. Wanaouza samaki, ambao siku hizi hupatana kwa simu hata kabla ya mashua kufika ufuoni, huisoma nukta hiyo hiyo kama ishara kwamba mazungumzo ya bei yamefungwa.

Ubishi wenyewe huendeshwa kana kwamba majibu ni mawili tu: nukta ni sarufi, au nukta ni hasira. Kila upande una haki kiasi fulani. Ila kuna sababu ambazo pande zote mbili hazizigusi, na baadhi yake zimo ndani ya Kiswahili chenyewe na ndani ya simu tunazotumia.

Kutoka esemesi ya kulipia hadi chati ya bando

Ujumbe wa kwanza wa esemesi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Tangu mwanzo mfumo huo ulikuwa na mpaka wa herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Simu za mkononi zilipoanza kuenea Kenya kuanzia mwaka 2000, kila esemesi ilikuwa na bei yake, kwa hiyo mtu hakukubali kupoteza nafasi. Habari zote za siku zilibanwa humo: "Mama amefika salama. Ameleta mahindi. Tuma nauli ya Jumamosi. Usisahau dawa ya baba." Hapo nukta ilikuwa na kazi ya kweli. Ukiziondoa zote, anayepokea ujumbe hatajua kama Jumamosi ni siku ya kutuma nauli au ni siku ya kusafiri wala lipi linafuata lipi. Kwenye simu za Nokia za wakati huo, kitufe cha 1 kikibonyezwa mara moja kilitoa nukta, kwa hiyo hata kidole kilizoea kuiweka.

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na kwa wengi wetu ilileta hesabu tofauti. Mtu ananunua bando, kisha anatuma ujumbe mmoja au arobaini bila kuhisi tofauti mfukoni. Mazungumzo yakavunjika vipande: "Mama amefika", tuma. "Ameleta mahindi", tuma. "Nauli basi", tuma. Kila kipande kinakaa ndani ya kiputo chake, na mwisho wa kiputo ndio mwisho wa sentensi. Kazi iliyokuwa ya nukta imechukuliwa na kitufe cha kutuma.

Hapa ndipo tatizo linapozaliwa. Ndani ya ujumbe mrefu nukta bado inatenganisha mambo, na hakuna anayeinunia. Mwishoni mwa jibu la neno moja haina cha kutenganisha. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, alieleza kwamba msikilizaji huchukulia kuwa mwenzake anasema kiasi kinachohitajika, si zaidi wala si pungufu. Akiona ziada, hutafuta sababu yake. Nukta ya mwisho ni ziada ya namna hiyo. Msomaji anajiuliza kwa nini mtu amejisumbua kuiweka, na kwa kuwa neno lenyewe ni moja, hana mahali pengine pa kupata jibu ila katika uhusiano wao wawili.

Hoja ya sarufi

Wanaosema nukta ni nukta tu wana msingi imara. Kizazi kizima kilipimwa kwa insha, na alama za uakifishaji zilihesabiwa katika KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwalimu mstaafu wa Maseno au Bondo anayeandika "Nimepokea. Asante. Mungu akubariki." anaandika kwa adabu ileile aliyotumia kwenye barua. Kwake kuacha nukta ni kumtumia mtu ujumbe ambao haujafungwa vifungo. Na mtu anayeweka nukta kila mahali, akiwa na furaha au akiwa na hasira, nukta yake haituambii lolote kuhusu moyo wake.

Hoja hii ina nguvu nyingine ambayo wenyewe huisahau: nyingine kati ya nukta hizo hazikuwekwa na mtu. Kwenye kibodi nyingi za simu za kisasa, ukigusa nafasi mara mbili baada ya neno, simu hugeuza nafasi hizo kuwa nukta. Mtu mwenye haraka, aliyezoea kugusa nafasi kila amalizapo neno, anatuma "Haya." bila kuiona.

Udhaifu wake ni kwamba inaeleza nia ya mwandishi na kumwacha msomaji. Halafu watetezi wake wenyewe hutumia nukta mdomoni kama rungu. Mzazi akisema "Huendi Kondele usiku, nukta!" hakuna mtoto anayedhani anafundishwa uakifishaji. Kila mtu anajua maana yake: usibishane. Maana ya kufunga mjadala basi haikuzuliwa na vijana wa simu. Na tukirudi nyuma zaidi, nukta ilianza kama alama ya sauti. Aristofane wa Bizanti, mkutubi wa Aleksandria yapata miaka 200 kabla ya Kristo, aliweka vitone juu, katikati na chini ya mstari ili msomaji wa sauti ajue atue wapi na kwa muda gani. Sheria za sentensi zilikuja baadaye.

Hoja ya sauti

Upande wa pili unasema nukta inasikika. Mwaka 2013 Ben Crair aliandika katika jarida la New Republic la Marekani kwamba nukta ya ujumbe wa simu imekasirika. Miaka miwili baadaye jambo hilo likapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Celia Klin na wenzake, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi wasome. Mtu mmoja anamwalika mwenzake mahali, na mwenzake anajibu kwa neno moja la kukubali. Mara nyingine neno hilo lilikuwa na nukta, mara nyingine halikuwa nayo. Lilipoonyeshwa kama ujumbe wa simu, jibu lenye nukta lilionekana kutoka moyoni kidogo kuliko lile lisilo nayo. Lilipoonyeshwa kama kijibarua kilichoandikwa kwa mkono, nukta haikubadili chochote.

Sehemu hiyo ya kijibarua ndiyo muhimu, ingawa husahaulika wakati utafiti huu unapotajwa. Inaonyesha kwamba ubaridi haumo ndani ya alama. Umo katika mazoea ya chombo: kwenye karatasi nukta inatarajiwa, kwenye simu haitarajiwi. Lakini utafiti huo una mipaka yake. Wasomaji walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja, lugha ilikuwa Kiingereza, wanaozungumza walikuwa wa kubuni, na tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo. Neno "kutotoka moyoni" pia liko mbali na "hasira". Anayechukua matokeo hayo na kusema kisayansi nukta ni hasira ameongeza chumvi.

Mwanaisimu Gretchen McCulloch, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu lugha ya mtandaoni, alifafanua kwa njia inayosaidia zaidi. Nukta husomwa kama sauti inayoshuka mwishoni. Sauti ya kushuka ni ya uzito na rasmi. Ikiwa ujumbe wenyewe ni mzito, mathalani taarifa ya msiba, nukta inalingana nao na haishtui mtu. Ikiwa ujumbe ni wa furaha au wa kukubali, maneno yanavuta huku na sauti inavuta kule, na mgongano huo ndio msomaji anauita baridi.

Kiswahili kinaipa hoja hii mashiko ambayo Kiingereza hakina. Kwetu swali la ndiyo au hapana halibadilishi mpangilio wa maneno. "Umefika" na "Umefika?" ni maneno yaleyale, mdomoni tunayatenga kwa mpando na mshuko wa sauti, na kwenye simu kwa alama ya mwisho peke yake, isipokuwa mtu akiongeza "je". Msomaji wa Kiswahili basi amezoea tangu zamani kutazama mwisho wa ujumbe ili ajue sauti ilivyokwenda. "Sawa?" inapanda na kuomba jibu. "Sawaaa" inavutwa na kubembeleza. Katika safu hiyo "Sawa." lazima ipate sauti yake, nayo ni ile iliyobaki: ya kushuka na kukatika.

Kuna wanaotaka kuongeza kwamba wakazi wa ufuo wa ziwa wana sikio jepesi zaidi kwa sababu Dholuo ni lugha ya toni. Hoja hiyo inavutia lakini haisimami. Toni ya Dholuo hutenganisha maneno na nyakati za vitenzi, na maandishi yake ya kawaida hayaionyeshi kabisa. Mshuko wa mwisho wa sentensi ni jambo jingine.

Nukta ya M-Pesa

Sababu ya tatu haitajwi sana, nayo iko kwenye simu ya kila Mkenya. Hebu tazama ni nani anayekuandikia kwa nukta kamili kila siku. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, kila shilingi inayohama huja na ujumbe wa aina moja: nambari ya muamala, kisha "Confirmed." yenye nukta yake, kiasi, jina, tarehe, salio. Benki nazo huandika hivyo, na kampuni ya umeme ikituma tokeni, na shule ikikumbusha karo. Wanaoandika nukta bila kukosa ni mashine na ofisi. Rafiki, dada na mpenzi hawaandiki hivyo.

Kwa hiyo rafiki akijibu kwa neno moja lenye nukta, amekopa mavazi ya ofisi. Maelezo haya yanafaa sana kwa ubaridi, maana ofisi haikasiriki. Inakuhudumia bila kukujua. Kwa hasira hayafai. Hasira inahitaji mtu, na inahitaji historia kati yenu.

Mfano wa omena

Tuchukue mfano mmoja tuupime. Mama anauza omena sokoni Kibuye. Mzigo wake unatoka kwa mwenye mashua huko Mbita. Omena huvuliwa usiku kwa taa na kuletwa ufuoni asubuhi, kwa hiyo maelewano mengi hufanywa kwa simu mapema, na mara nyingi mzigo hutangulia na pesa hufuata. Mama huyu ana deni la elfu tano. Asubuhi anatuma 3,000 kwa M-Pesa, kisha anaandika: "Nimetuma elfu tatu, hizo zingine nitamalizia Ijumaa". Jibu linarudi: "Sawa."

Anaweza kulisoma kwa njia tatu. Ya kwanza, amekubali, tukutane Ijumaa. Ya pili, amekasirika kwa sababu deni halikuisha. Ya tatu ndiyo nzito kwake: amepokea, na hakuna mzigo mwingine wa mkopo. Akishika hiyo ya tatu, kesho hatauliza bei. Atatafuta mashua nyingine, na mwenye mashua atabaki akishangaa mteja wake amepotelea wapi. Kwa mfanyabiashara, kusoma nukta kama mwisho wa maneno kuna hasara kubwa kuliko kuisoma kama hasira. Hasira hupozwa kwa salamu, lakini anayeamini mazungumzo yamefungwa hapigi simu tena.

Je, ni nukta iliyoleta shaka yote hiyo? Pandisha mazungumzo yao ya wiki zilizopita. Tuseme siku nyingine mwenye mashua alijibu "Sawa nyar Seme" au "Haya nyar Seme, karibu". Kumwita mwanamke kwa kwao ni heshima na ukaribu pamoja. Leo "nyar Seme" haipo. Sasa badilisha kitu kimoja kimoja. Rudisha mwito na uache nukta: "Sawa nyar Seme." Ubaridi umeisha, ingawa nukta ipo. Ondoa nukta na usirudishe mwito: "Sawa". Limelainika kidogo, lakini bado ni kavu. Jaribio hilo linaonyesha kwamba kilichopungua zaidi ni mwito, na kwamba nukta imekuja kuthibitisha upungufu uliokuwepo tayari. Ndivyo ilivyo pia kwa "Sawa omera", "Sawa mama", "Sawa jaduong'": Kiswahili cha ufuo huu hupasha joto jibu fupi kwa kumtaja mtu, na palipo na mwito nukta haidhuru.

Tazama pia mwenye mashua alikuwa anajibu nini. Sekunde chache kabla, simu yake ilipokea ujumbe wa M-Pesa. Inawezekana kabisa kwamba "Sawa." yake ni risiti: pesa nimeziona. Hiyo habari ya Ijumaa huenda hakuijibu kabisa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Usomaji huu hauna hasira, ila una hatari yake, kwa sababu mama anaweza kuchukua risiti kama ahadi. Angeandika "Sawa" bila nukta na kuongeza emoji ya kucheka, hatari hiyo ingezidi: jibu lingekuwa tamu zaidi na bado lisiseme lolote kuhusu Ijumaa. Kuondoa nukta kunapunguza ubaridi bila kuongeza uwazi.

Ndani ya ujumbe, kinyume chake, nukta ikikosewa inagharimu pesa. "Nimepokea magunia 6.500 nimelipa boda" inaweza kusomwa kama magunia sita na nusu, kwa sababu nafasi baada ya nukta imepotea. Wanaowahimiza watu waache nukta kabisa wafikirie pia ujumbe wa namna hiyo.

Namna ya kupima

Kabla ya kumhukumu mtu kwa nukta, mahali pa kwanza pa kutazama ni nukta zake za nyuma. Kama anaziweka kila siku, ya leo haina habari. Kama haweki kamwe na leo ameweka, hapo kuna jambo, ingawa jambo hilo laweza kuwa kibodi mpya au simu ya kuazima. Ukiona imeandamana na mwito uliopotea, salamu iliyokatwa na jibu lililochelewa kuliko kawaida yake, una ushahidi wa kutosha kuuliza. Nukta peke yake haikupi ushahidi huo.

Chombo nacho kina neno. Jibu kutoka kabambe kwa esemesi lisomwe kwa mizani ya esemesi, ambako nukta bado ni tabia ya kawaida. Jibu la mzee, la mwajiri au la katibu wa chama kikundini lisomwe kama barua. Wenye haki ya kushtuka ni wale wanaochati kila siku kwa vipande vifupi visivyo na alama, na mmoja wao akabadilika ghafla. Kwao nukta imekuwa chaguo, na chaguo lina maana.

Nikipima hoja zote tatu, ile ya sauti ndiyo nzito zaidi, mradi ibebwe pamoja na ile ya mazoea. Nukta inashusha sauti, mazoea ya mtu ndiyo yanayoamua kama mshuko huo ni habari, na tafsiri ya hasira huongezwa na msomaji kutokana na yale anayojua au anayoyahofia kuhusu uhusiano wenyewe. Hoja ya sarufi ni ya kweli kwa mwandishi na haimfikii msomaji. Hoja ya M-Pesa inaeleza ubaridi vizuri na kuishia hapo.

Vijana, basi, msiwahukumu wazazi kwa kosa ambalo kwao ni adabu. Wazazi nanyi, mwanao akiuliza kama umekasirika, hakudharau shule uliyosoma. Amesikia sauti ambayo hukuikusudia, na "Sawa mwanangu" ingetosha kumtuliza. Na wenzetu mnaokopeshana mzigo kwa simu kutoka Mbita hadi Kibuye, jibuni kwa kiasi na siku: "Sawa nyar Seme, nimepata 3,000, elfu mbili Ijumaa." Weka nukta au usiweke, upendavyo.